Watu 318 wa Abramu: Namba Iliyofichwa na Namba ya Kawaida

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, ndugu na vijana, habari za jioni.

Mmeniomba nizungumze juu ya herufi za Kiebrania na thamani zake za kihesabu. Nitaanza na somo nililolifundisha mwenyewe miaka kadhaa iliyopita. Lilikuwa Mwanzo sura ya 14, pale Abramu anaposikia kwamba Lutu ametekwa, anakusanya vijana waliozaliwa nyumbani mwake, watu 318, anawafuatia wafalme wanne usiku na kuwapiga. Niliwaambia wasikilizaji kwamba hao hawakuwa watu 318. Alikuwa mtu mmoja, Eliezeri, mtumishi wa Abramu, kwa sababu ukijumlisha herufi za jina lake unapata 318 kamili. Watu walishangaa, wengine wakaandika pembeni ya Biblia zao. Tulipotoka nje mzee mmoja akanishika mkono akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, nimekuelewa. Lakini kama aliyeandika hakukusudia hivyo, wewe ungejuaje?"

Sikuwa na jibu, na swali lile nimetembea nalo hadi leo.

Kwanza tuielewe hesabu yenyewe. Kiebrania kina herufi 22, na kila moja hubeba namba. Tisa za mwanzo, kuanzia alefu, ni 1 mpaka 9. Zinazofuata hupanda kwa makumi: yodi ni 10, kafu ni 20, lamedi ni 30, hivyo hivyo mpaka sade, ambayo ni 90. Nne za mwisho ni mamia: kofu 100, reshi 200, shini 300, tau 400. Waliosoma chuoni Pwani wanaujua mpango huu, kwa kuwa abjadi ya Kiarabu inafuata mfuatano uleule mpaka 400, na ndiyo maana utaona 786 imeandikwa juu ya mlango wa duka mahali pa Bismillahi: ni jumla ya herufi zake. Kwa Wayahudi kazi hii ya kulinganisha maneno kwa jumla za herufi inaitwa gematria.

Sasa Eliezeri. Kiebrania huandika konsonanti na kuacha irabu nyingi, kwa hiyo jina lile lina herufi sita tu. Alefu 1, lamedi 30, tuko 31. Yodi 10, tuko 41. Ayini 70, tuko 111. Zayini 7, tuko 118. Reshi 200: mia tatu na kumi na nane. Hesabu ni sahihi wala sikuibuni mimi. Imo katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, walimu wa Kiyahudi, katika kitabu cha Nedarimu, na marabi walioitaja walikuwa na sababu: Eliezeri anatajwa kwa jina katika sura inayofuata, ya 15. Si jina lililookotwa mbali.

Lakini namba ileile ilisomwa pia na Mkristo wa zamani, mwandishi wa ile iitwayo Barua ya Barnaba. Yeye alikuwa na herufi za Kigiriki mkononi, ambazo nazo ni namba. Kwa Kigiriki 18 huandikwa kwa iota na eta, herufi mbili za kwanza za jina la Yesu, na 300 huandikwa kwa tau, yenye umbo la msalaba. Akasema basi: katika 318 Ibrahimu alimwona Yesu na msalaba. Marabi wamemwona Eliezeri, huyu amemwona Yesu, na hesabu za pande zote mbili zinatoka bila salio. Hapo ndipo nilipoanza kulielewa swali la mzee. Kama njia moja inatoa majibu mawili yasiyohusiana, na yote yanalingana na namba, basi kulingana na namba peke yake si ushahidi.

Nikaenda hatua moja zaidi nikatafuta neno jingine la Kiebrania lenye thamani ya 318. Halikuchukua muda. Lipo *siaki*, shini 300, yodi 10, hethi 8. Maana yake ni kichaka, mmea wa porini, kama vile vilivyotajwa katika Mwanzo 2:5 kuwa havijaota bado, na wingi wake ni vile vichaka ambavyo Hajiri alimlaza mwanawe chini ya kimojawapo. Herufi zilezile tatu zina maana nyingine pia, lalamiko la mtu anayemwagia Mungu moyo wake. Kwa hiyo ningeweza kabisa kuhubiri kwamba Abramu alikwenda vitani na lalamiko lake tu, yaani sala, na watu wangeandika pembeni vilevile.

Angalieni kwa nini jambo hili ni rahisi hivyo. Biblia ya Kiebrania ina maneno ya msingi zaidi ya 8,000, kabla hujaongeza viambishi vyake, na mengi yana jumla isiyofika 1,000. Gawa mwenyewe. Karibu kila namba ya kawaida utakayoikuta katika aya ina maneno kadhaa yanayoisubiri. Usipopata neno unalolitaka, unaongeza "na" mwanzoni, ambayo kwa Kiebrania ni herufi moja yenye thamani ya 6, au unaongeza herufi inayowekwa mbele ya nomino kuonyesha kuwa ni ile inayojulikana, yenye thamani ya 5, na unapata nafasi nyingine. Kupata neno linalolingana si ajabu. Ajabu ingekuwa kulikosa.

Kuna anayesema: mbona namba yenyewe si ya mviringo? Kwa nini 318 na si 300? Hoja hii nimeisikia mara nyingi, nami niliitumia. Lakini watu wa kale walihesabu watu wao, na hesabu ya kweli haitoki mviringo. Farao Amenhotepu wa Tatu alipomwoa binti mfalme wa Mitani aitwaye Gilukhepa, alitoa mawe madogo yaliyochongwa kwa umbo la mbawakawa kutangaza ndoa ile, na maandishi yake yanasema binti yule alifika na wanawake 317. Hakuna anayetafuta jina ndani ya hao 317. Ni msafara umehesabiwa.

Lipo jambo jingine, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote kuhusu Mwanzo 14. Katika Biblia ya Kiebrania namba zimeandikwa kwa maneno, "nane na kumi na mia tatu", si kwa herufi-namba. Na waandishi wa enzi za wafalme wa Yuda, tunapoyakuta maandishi yao ya kila siku kwenye vigae, kama vile vya ngome ya Aradi, wanaandika kiasi cha mafuta na unga kwa alama za namba zilizotoka Misri na kwa vijistari. Herufi kutumika kama namba tunaiona wazi baadaye sana, kwenye sarafu za wafalme wa Kiyahudi waitwao Wahasmonea katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, na kwenye sarafu za uasi dhidi ya Roma wa mwaka 66 mpaka 70, ambapo mwaka wa uasi umeonyeshwa kwa herufi. Marabi waliokwisha kuzoea herufi kuwa namba waliona jina katika 318 kwa urahisi. Kumpa ujuzi huo mwandishi wa simulizi ya Abramu ni jambo linalohitaji ushahidi wake, na sikuwa nao. Kwa hiyo somo langu lilikuwa fafanuzi nzuri ya marabi niliyoiuza kama nia ya mwandishi. Nilipokutana tena na mzee yule nilimwambia hivyo.

Sasa msiondoke mkidhani kwamba hakuna aya yenye mchezo wa namba wa makusudi. Ipo, na tuitazame kwa karibu, maana ndiyo inayotufundisha mchezo wa kweli unafananaje. Chukueni namba 666. Watu wengi wanadhani imo katika Ufunuo tu. Imo katika Ezra 2:13 pia: wana wa Adonikamu, 666. Na imo katika 1 Wafalme 10:14: dhahabu iliyomfikia Sulemani kwa mwaka mmoja, talanta 666. Namba moja, mahali patatu. Je, zote zinasema kitu kimoja?

Someni Ezra 2 na majirani zake. Kabla ya Adonikamu wapo wana wa Bebai, 623, na wana wa Azgadi, 1,222. Baada yake wana wa Bigwai, 2,056. Ni orodha ya jamaa waliorudi kutoka uhamishoni, kila jamaa na hesabu yake, na mwandishi hasimami kwa Adonikamu hata kwa pumzi moja. Jumlisha herufi za jina la Adonikamu mwenyewe na utapata 205, mbali kabisa. Halafu fungueni Nehemia 7, penye orodha hiyohiyo: Bebai wamekuwa 628, Azgadi 2,322, na Adonikamu ni 667. Hapa ndipo ninapowaomba mtulie kidogo. Katika kunakili, namba hizi zimetikisika huku na kule, kama zinavyotikisika hesabu za orodha ndefu. Fumbo lililofichwa ndani ya namba haliwezi kuvumilia hata moja kuongezeka. Kama 666 ya Adonikamu ingekuwa fumbo, mtu aliyeandika 667 amelivunja, na hakuna dalili kwamba yeyote alijali. Hii ni namba ya kawaida.

Ufunuo 13:18 ni kitu kingine. Pale mwandishi anasimama na kumgeukia msomaji. Anasema hapo ndipo penye hekima, aliye na akili na aihesabu hesabu ya mnyama, maana ni hesabu ya kibinadamu. Hujaambiwa tu kwamba kuna namba. Umeagizwa kuihesabu, na umeambiwa kwamba mwisho wake ni mtu. Wasomaji wa wakati ule waliuelewa mchezo huo. Katika ukuta wa Pompei, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, mtu ameandika kwa Kigiriki kwamba anampenda yule ambaye namba yake ni 545. Na mwanahistoria Suetonio anatuhifadhia kejeli iliyozunguka Roma, inayolinganisha jumla ya jina la Nero kwa Kigiriki, 1,005, na jumla ya maneno "alimuua mama yake mwenyewe".

Nani basi ni 666? Wataalamu wengi wanasema Nero Kaisari, limeandikwa kwa herufi za Kiebrania kutoka matamshi ya Kigiriki, *Neron Kesar*. Nuni 50, reshi 200, vau 6, nuni 50: hiyo ni 306. Kofu 100, sameki 60, reshi 200: hiyo ni 360. Jumla 666. Sasa mzee yule angeuliza swali lake, na safari hii tunaweza kumjibu hatua kwa hatua.

Ataanza na tahajia. Marabi wa baadaye huandika Kaisari kwa kuongeza yodi, na yodi ni 10, hivyo jumla ingekuwa 676 na hoja ingeanguka. Je, tumeondoa yodi ili hesabu itoke? Hapana. Katika mapango ya Wadi Murabbaati, karibu na Bahari ya Chumvi, ilipatikana hati ya deni ya Kiaramu iliyoandikwa mwaka wa pili wa Nero mwenyewe, na jina lake na cheo chake vimeandikwa humo bila yodi ile, herufi kwa herufi kama tulivyojumlisha. Tahajia ipo, ni ya wakati wake, na mwandishi wa hati ya deni hakuwa akitafuta mnyama.

Atauliza pia kwa nini kitabu cha Kigiriki kihesabiwe kwa Kiebrania. Ni swali zuri, na kitabu chenyewe kinasaidia. Katika 9:11 kinatoa jina la malaika wa kuzimu kwa Kiebrania, Abadoni, na katika 16:16 kinasema waziwazi kwamba Har-Magedoni ni kwa Kiebrania. Mwandishi huyu amezoea kumpeleka msomaji upande huo.

Na kuna jambo la tatu ambalo mimi lilinishawishi kuliko mengine. Baadhi ya nakala za zamani hazina 666, zina 616. Mojawapo ni kipande cha mafunjo kilichotoka Oksirinko, Misri, na askofu Ireneo alizijua nakala za namna hiyo tangu karne ya pili, ingawa alizikataa. Sasa chukueni jina lile *Neron*, mlitamke kama Walatini, *Nero*, bila nuni ya mwisho. Nuni ni 50. Ondoeni 50 katika 666. Jina moja linaeleza namba zote mbili, na linaeleza hata tofauti yao. Kichaka changu hakiwezi kufanya hivyo kwa 318.

Hata hivyo, Ireneo anatufundisha jambo. Yeye naye alijaribu majina, kwa Kigiriki: Evanthasi, Lateinosi, Teitani. Yote matatu yanafika 666. Kisha akaonya watu wasikimbilie kutangaza jina. Hata pale ambapo aya imetuagiza kuhesabu, majina yanayolingana ni mengi, na kinachochagua kati yao ni ushahidi ulio nje ya jumla.

Kati ya Ezra na Ufunuo ipo aya inayokaa katikati, nayo naipenda sana: Mathayo 1:17. Vizazi 14 kutoka Ibrahimu mpaka Daudi, 14 kutoka Daudi mpaka uhamisho, 14 kutoka uhamisho mpaka Kristo. Daudi kwa Kiebrania ni daleti, vau, daleti: 4, 6, 4. Kumi na nne. Kumbukeni lakini kwamba *yadi*, mkono, ni 14 pia, na *zahabu*, dhahabu, ni 14 pia. Kwa nini tumchague Daudi?

Kwa sababu yumo ndani ya aya. Sura inaanza kwa kumwita Yesu mwana wa Daudi, na katika hesabu ya 17 yeye ndiye bawaba ambayo kundi la kwanza na la pili zinazungukia. Hesabuni majina kwa vidole kuanzia Ibrahimu: Daudi ni wa 14, na katika orodha nzima ndiye peke yake anayepewa cheo cha mfalme, ingawa wafalme wamejaa. Tena namba hii imefanyiwa kazi. Mathayo anasema Yoramu alimzaa Uzia, lakini 1 Mambo ya Nyakati 3 inaweka kati yao Ahazia, Yoashi na Amazia. Wafalme watatu wameachwa ili kundi la pili lifike 14 na lisizidi. Kundi la tatu, ukianza na Shealtieli, lina majina 13 tu, na ili lifike 14 inabidi Yekonia, wa mwisho katika kundi la pili, ahesabiwe mara mbili au tutafute njia nyingine. Mtu anayeorodhesha tu hapati shida hiyo. Shida hiyo inampata mtu anayeitaka 14.

Lakini anaitaka kwa ajili ya Daudi? Hapo natembea polepole. Mathayo aliandika Kigiriki, na kwa Kigiriki jina la Daudi halifiki 14. Halafu tahajia: vitabu vya Samweli karibu kila mara vinaandika Daudi kwa herufi tatu, bali Mambo ya Nyakati vinaongeza yodi, na jumla inakuwa 24. Na mwandishi angeweza kuwa anahesabu masaba tu, mara mbili saba kwa kila kundi, hata Kristo asimame mwisho wa saba ya sita na mlangoni pa saba ya saba. Kwa hiyo nasema hivi: namba ni ya makusudi, hilo sina shaka nalo, kwamba imetoka katika herufi za Daudi, naona inaelekea kuwa kweli, wala sitagombana na anayesema bado.

Kwa kupita tu, vijana mnaonitumia hesabu za "sura ya 13 aya ya 18 jumlisha": sura za Biblia ziligawanywa mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za aya za Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Roberto Estieni mwaka 1551. Namba hizo hazitoki kwa Yohana wala kwa Mathayo, basi tuziache.

Nimalizie na samaki, maana najua mtauliza. Yohana 21:11, samaki wakubwa 153. Kuna pendekezo ambalo si la kudharau. Katika Ezekieli 47:10 maji yanayotoka hekaluni yameiponya bahari, na wavuvi wanatandaza nyavu kutoka Engedi mpaka Eneglaimu. *Gedi* ni gimeli 3, daleti 4, yodi 10, yaani 17. *Eglaimu* ni 70, 3, 30, 10, 40, yaani 153. Na ukijumlisha moja mpaka kumi na saba, unapata 153. Wavuvi, nyavu, samaki tele, na namba mbili zinazoshikana. Nilipolikuta mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu.

Kisha nikalipitisha kwenye swali la mzee. Yohana hatuagizi kuhesabu. Hataji Engedi, wala Ezekieli, wala Kiebrania katika sura ile. Ili hesabu itoke inabidi tukate *en*, yaani chemchemi, katika majina yote mawili, na *en* peke yake ni 130. Na katika simulizi ya uvuvi, kuhesabu samaki waliovuliwa ndiyo kazi ya kawaida ya wavuvi wanaogawana, kama inavyofanyika ufukweni hadi leo. Upande mmoja mandhari inalingana vizuri mno, upande wa pili aya iko kimya. Pembeni ya Biblia yangu, kwenye Yohana 21, nimeandika "Eze. 47:10" kwa penseli, na mbele yake alama ya kuuliza. Kwenye Mwanzo 14 niliandika Eliezeri kwa wino, na wino ule bado upo, ila chini yake nimeongeza neno moja: marabi.

Asanteni kwa kunisikiliza. Karibuni maswali.